Ngoja Mikono Ilegee

Mkoba wa Mejumaa ulimwagwa sakafuni siku ya Jumanne, saa tano za asubuhi, mbele ya wanawake watatu waliokuja kumtazama mtoto. Aliyeumwaga ni Bi Shekue, mwenye nyumba, nyanya yake mtoto. Aliushika pembe mbili za chini akaupindua taratibu, kama mtu amwagaye mchele kwenye ungo atafute mawe, na vitu vya Mejumaa vikatawanyika juu ya mkeka: kanga moja iliyokunjwa, chanuo la mti, kitambulisho ndani ya mfuko wa nailoni, vitambaa vyake vya mwezi alivyovificha chini kabisa, na kichupa kidogo kisicho na karatasi ya jina.

Wale wanawake waliviona vitambaa, kisha kila mmoja akatazama kikombe chake cha chai.

"Ndicho hiki," akasema Bi Shekue, akakiokota kichupa. Alikifungua, akakinusa, akampitishia aliyekaa karibu naye. "Nilijua mimi. Mtoto hawezi kulala kwa saa mbili nzima mchana, hivi hivi tu, asipewe kitu."

"Mafuta ya nazi hayo, Bibi," akasema Mejumaa.

"Ya nywele?"

"Ya komeo la kitanda."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akacheka puani. Mejumaa akaona kwamba neno hilo, ambalo lilikuwa la kweli, lilisikika kama uongo wa mtu mjinga kuliko wote waliopata kuajiriwa Mji wa Kale.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, Mejumaa Kadenge, Mrabai, mfupi, mwenye viganja vipana vya mtu aliyelima tangu utotoni. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya tisa. Mama yake alipokwenda shambani, wadogo wake walibaki mgongoni na mikononi mwake, na kabla hajajua kusoma alikwisha jua kumtua mtoto aliyelala bila kumwamsha, kwa sababu asipojua hachezi. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Alijua kwa kukosea, kwa kuanza upya, na kwa makofi ya mama yake kila mtoto alipoamka.

Alikuja kwenye nyumba ile ya Kibokoni mwaka wa tisini na tano, mtoto Munir alipotimiza arobaini. Mama yake mtoto, Thuweba, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na likizo yake ya uzazi ilikuwa yaisha. Baba yake, Abdulghafur, aliuza kanga Biashara Street, naye ndiye mwana wa pekee wa Bi Shekue. Mejumaa aliwakuta watu wazima watatu wenye macho mekundu. Munir alilala vizuri mikononi. Tatizo lilikuwa kumtua. Ukimlaza tu kitandani, mikono yake hurushwa juu, kwa maneno yao wenyewe, kama mtu aangukaye kutoka mnazini, macho hufumbuka, na kilio chake husikika mpaka msikitini. Basi walimbeba kwa zamu. Thuweba alikula chakula kwa mkono mmoja. Abdulghafur alikuwa amempigisha mtoto kitanda kizuri cha mvule kwa fundi wa mtaani, chenye fito pande zote, na upande mmoja unaoshuka kwa komeo. Kitanda kilikuwa na wiki sita na mtoto hajakilalia hata nusu saa.

Mejumaa alikitazama kile kitanda siku mbili bila kusema. Siku ya tatu alikuja na kichupa. Lile komeo la chuma lilipiga ukelele kila liliposhushwa, na yeye akalipaka mafuta mpaka likanyamaza. Siku ya nne Munir akalala kitandani mwake tangu baada ya adhuhuri mpaka alasiri ilipokaribia.

Nyumba nzima ilimshukuru. Bi Shekue mwenyewe alimsifu kwa majirani: "Huyu ana mkono." Kwa wiki nne sifa zikaendelea. Kisha mmoja wa wale wanawake wa chai akaleta kisa alichokisikia, cha yaya mmoja sijui wa wapi, aliyekuwa akiwanywesha watoto dawa ya kikohozi ili walale naye apate kupumzika. Tangu siku ile Bi Shekue akaanza kuhesabu. Akimlaza yeye, mtoto huamka. Akimlaza mama yake, huamka. Akimlaza Mejumaa, si kulala tu, bali hukoroma. Na sifa ikageuka, kidogo kidogo, ikawa shtaka.

"Kama ni mafuta," akasema Mejumaa asubuhi ile ya Jumanne, "nitayanywa sasa hivi mnaniona."

"Huna haja ya kunywa kitu," akasema Bi Shekue. "Daktari atatwambia."

Mejumaa akapiga magoti, akaokota vitu vyake kimoja kimoja. Alianza na vitambaa. Aliinamisha kichwa, naye alijua wale watu wadhania ni hofu ya mwizi. Haikuwa hofu. Angekuwa amesimama, angelipiga teke lile sinia la chai.

Abdulghafur aliitwa dukani, Thuweba akaitwa shuleni. Walikwenda wote kwa daktari, zahanati ndogo ya mtu binafsi upande wa Makadara. Bi Shekue alitaka Mejumaa abaki nyumbani afue nguo.

"Naja," akasema Mejumaa. "Nataka kusikia kwa masikio yangu mwenyewe."

Daktari alikuwa mwanamke wa Kikamba, jina lake Kasyoka, mwenye sauti kavu. Alimvua Munir nguo, akamsikiliza kifua, akammulika macho, akamtekenya nyayo. Munir akamcheka. Akaishika miwani ya daktari akaivuta.

"Ananyonya vizuri?"

"Sana," akasema Thuweba.

"Akilala, mkitaka aamke, huamka?"

Abdulghafur akatazama chini. "Daktari, tatizo letu sisi ni kwamba huamka."

"Basi. Mtoto aliyepewa dawa ya kumlaza hushinda amelegea. Kunyonya ananyonya kwa uvivu, na kumwamsha ni kazi. Huyu hana hata dalili moja." Alikifungua kichupa, akamwaga tone mkononi, akasugua, akanusa. "Mafuta ya nazi."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Shekue, akaanza kumvika mtoto soksi. "Twendeni basi, jua lachoma."

Ndivyo alivyosema, wala hakuongeza neno. Mejumaa alisubiri. Alisubiri mle chumbani, akasubiri pale mlangoni wakati Abdulghafur alipokuwa akiagana na daktari, akasubiri barabarani. Thuweba alikuwa akimtazama mtoto. Abdulghafur alikuwa akitafuta teksi. Bi Shekue akamgeukia, akampa kikapu cha vitu vya mtoto kama alivyompa kila siku.

"Shika. Na tukifika umlaze, kachoka huyu."

Mejumaa akakitua kikapu chini, kando ya mfereji. "Mlazeni nyinyi," akasema, akavuka barabara akaenda zake.

Jumatano alipanda gari la asubuhi kwenda kwao Rabai. Huko alikuwa na binti yake, Nyevu, wa miezi minane na siku kadhaa, aliyemwacha kwa mama yake tangu alipokuwa wa miezi saba. Tangu hapo alikuwa amemwona mara moja tu. Mchana ule alimchukua, akamwimbia, mtoto akasinzia begani kwake, na Mejumaa akainama kumlaza mkekani kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Nyevu akafumbua macho. Akamtazama mama yake usoni kwa muda, kama mtu aliyeamkia nyumba ya watu, kisha akaangua kilio, akimnyooshea mikono nyanya yake.

"Hajakuzoea," akasema mama yake Mejumaa kwa upole, akampokea. "Ana haki."

Mejumaa akatoka nje akaenda kukaa nyuma ya jiko, peke yake. Hapo ndipo hasira ilipomshika barabara. Siku ya Jumanne ilikuwa hasira ya aibu, ya ngozi. Hii ilikuwa ya mifupani. Wiki tano alikuwa amempa mtoto wa watu mikono yake, harufu yake, kanga yake aliyoivaa, na wake mwenyewe hamjui. Na malipo yake ni kumwagiwa vitambaa vyake vya mwezi mbele ya wageni. Alikaa pale mpaka wali ulipoiva, na chakula kilipoletwa hakukigusa.

Ijumaa alikuwa amerudi chumbani kwake, Majengo, katika nyumba ya vyumba sita ambako alipanga kimoja. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kama kawaida, na aliyeingia alikuwa Thuweba, peke yake, buibui limemwenda upande, Munir amelala mikononi mwake.

Mejumaa alikuwa akikuna nazi. Akasimama palepale na kipande cha nazi mkononi.

"Dada Thuweba."

"Taratibu," Thuweba akanong'ona. "Kalala sasa hivi, pale msikiti wa kona. Nimemtembeza tangu alfajiri." Chini ya macho yake kulikuwa kumeingia weusi. "Sikwenda shule tangu Jumatano. Hakubali kuguswa na kitanda. Mama amemchukua, kamlaza, kaamka. Baba yake kamlaza, kaamka. Jana nimekaa naye kitini mpaka mkono ukafa ganzi, nikaogopa nitasinzia nimwangushe. Rudi, Mejumaa. Nakuomba."

"Mmenimwagia mkoba."

"Mimi sikuwapo."

"Kwa daktari ulikuwapo."

Walikuwa wamesimama hatua moja baina yao, na yote hayo wakayasema kwa sauti ya chini mno, kwa ajili ya mtoto. Jirani aliyepita ukumbini akidhani wanapeana siri alijifanya hakuona. Mejumaa alitaka kupiga kelele. Alikuwa na kelele za siku tatu kifuani. Lakini kope za Munir zilikuwa zapepesa, mdomo wanyonya hewa, na mkono mmoja umeshika ukingo wa buibui. Alijua kwamba usingizi ule ni mwepesi, na kishindo kidogo tu kingeukatiza.

"Kwa daktari ulikuwapo," akarudia kwa kunong'ona, "na ulisikia. Ulikuwa na mdomo. Neno moja lilikushinda."

Thuweba akainamisha uso juu ya mtoto. Machozi yakamtoka, akayaacha yateremke maana hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Mejumaa aliyatazama yale machozi yasimwingie. Kisha akakiweka kipande cha nazi chini, akavaa viatu, akajifunga kanga ya pili.

"Nakuja leo," akasema. "Mara moja. Nitamlaza mbele ya mama mkwe wako, naye akae atazame mwanzo mpaka mwisho. Na wewe utazame, ili kesho umlaze mwenyewe. Kisha mimi si wenu."

Munir aliamka kabla hawajaifikia barabara kubwa, pikipiki ilipopita. Alilia njia nzima. Mejumaa hakumpokea. Alitembea mbele, na Thuweba nyuma yake na mtoto anayepiga kelele, mpaka vichochoro vya Mji wa Kale vikawameza na watu wa barazani wakawa wanageuza shingo.

Bi Shekue alikuwa ghorofani. Alipomwona Mejumaa akitokea ngazini, uso wake ulichangamka kwanza, kisha akaukunja.

"Umerudi."

"Sikurudi, Bibi. Nimekuja kuonyesha. Kaa hapo."

Hakuna aliyewahi kumwambia Bi Shekue akae nyumbani mwake mwenyewe. Alikaa. Labda ni kile kilio kilichomkalisha, maana kilikuwa kimezipasua siku zake tatu.

Mejumaa akaanza na kitanda, si na mtoto. Akalishusha komeo, na ule upande wa fito ukateremka bila sauti. "Kwanza hiki," akasema, sasa kwa sauti yake ya kawaida, maana Munir alikuwa akilia na hakukuwa na wa kumwamsha. "Upande huu haushushwi mtoto akiwa mkononi. Hushushwa kabla." Akaigeuza pangaboi ya mezani ielekee ukuta. "Na hii. Mtoto akitoka kifuani, hapo palipokuwa na joto huingia upepo, na ule upepo humwamsha." Akafungua kanga yake ya juu, ile aliyotembea nayo kutoka Majengo, akaitandika juu ya godoro, akaikaza, akazichomeka pembe zote chini ili isije ikamfunika uso. "Na hii ina joto la mwili. Godoro lenu lina plastiki. Hata wewe, Bibi, ukilazwa juu ya plastiki utaamka."

Ndipo akamchukua Munir. Thuweba alikwisha mnyonyesha. Mejumaa akakaa kwenye kiti kifupi, akamlaza mtoto kifuani, akaanza kuguna wimbo usio na maneno. Na hapo akakutana na shida ambayo hakuitarajia. Mtoto hakutulia. Alijipinda, akasukuma kwa miguu. Mejumaa akatambua kwamba moyo wake mwenyewe ulikuwa ukipiga kama ngoma, na sikio la Munir lilikuwa juu yake. Mtoto alikuwa ameilalia hasira yake.

Akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa polepole, akavuta nyingine. Hakusamehe, alijua hilo wakati ule ule. Aliisogeza tu hasira kando, kama mtu asogezavyo chungu cha moto kutoka mekoni akakiweka pembeni kikitokota, akaendelea kuguna. Baada ya muda Munir akajikunja. Macho yakafunga.

"Kalala," akanong'ona Bi Shekue, akainuka. "Haya, mweke."

"Hajalala. Kaa."

Bi Shekue akakaa.

"Hapa ndipo mnapokosea nyote," akasema Mejumaa, na sasa sauti yake ilikuwa chini kabisa, katika mwendo ule ule wa wimbo, laini, isiyopanda wala kushuka. "Macho yamefunga, lakini tazama kope. Zatikisika. Tazama mdomo, wacheka peke yake. Vidole vimekunjwa. Huu ni usingizi wa juu juu. Ukimtua sasa, ataamka. Twangoja mikono ilegee. Ni kama dakika ishirini. Na wakati twangoja, Bibi, nitasema, nawe utanisikiliza."

Bi Shekue akafungua kinywa. Mejumaa akamwelekezea macho mtoto, na kile kinywa kikafungwa.

"Nilikuja hapa nikiwa na mtoto wangu wa kunyonya. Nikamwacha kwao. Maziwa yangu niliyakamua kwenye bakuli nikayamwaga, chooni mwenu, mwezi mzima, mkiwa hamjui. Huyu wako nimempa usingizi ambao wangu hakuupata. Juzi nimekwenda kumwona. Nimemlaza, akaamka, akanililia kama mgeni. Mimi. Hanijui mkono. Mkono wangu aujua huyu hapa." Alikuwa akimpapasa Munir mgongoni, kwa kipimo, na sauti ile tamu ikaendelea. "Na wewe ukaumwaga mkoba wangu mbele za watu. Vitambaa vyangu vya ndani wakaviona. Ungaliniita chumbani ukaniuliza, ningalikueleza. Ungalitaka kutazama, ningalikuonyesha, kama ninavyokuonyesha sasa. Hukutaka kutazama. Umekaa wiki tano chumba cha pili wasikia mtoto amenyamaza, hata siku moja hukuinua mguu kuja kuona ananyamazishwaje. Ulijua tu. Mtu kama mimi hawezi kujua kitu usichokijua wewe, basi lazima iwe dawa."

Thuweba alikuwa amesimama mlangoni, kiganja mdomoni. Bi Shekue uso ulikuwa umemwiva. Mishipa ya shingo ilimsimama kwa maneno aliyoyazuia. Mara mbili alivuta pumzi ya kusema, na mara mbili Munir alitikisa kichwa kidogo usingizini, naye akaimeza.

"Na daktari aliposema," Mejumaa akamalizia, "ukaniambia jua lachoma."

Kisha akarudi kuguna wimbo. Dakika zilipita. Chini, muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake akapita. Mejumaa akauinua mkono wa Munir kwa vidole viwili akauachia. Ukaanguka kama kitambaa kilicholowa. Vidole vilikuwa vimekunjuka. Pumzi ilikuwa imekuwa ndefu, ya sawa.

"Sasa," akasema.

Akainuka taratibu, bila kuacha kuguna, akakisogelea kitanda. Hakumtenga mtoto na kifua chake. Aliinama naye, akainama mpaka kifua chake mwenyewe kikakaribia godoro. "Miguu kwanza," akanong'ona. "Kisha matako. Kisha mgongo. Kichwa mwisho kabisa. Kichwa kikitangulia, au kikining'inia nyuma, mtoto hudhani anaanguka, ndipo hurusha mikono. Huyo wa mnazini mliyekuwa mkimwona, ni hiyo tu." Munir akagusa kanga. Mejumaa akabaki amemwinamia, kifua juu ya kifua, kiasi cha pumzi kumi. Akautoa mkono wa chini ya matako. Kwa kiganja hicho akaibana mikono ya mtoto kifuani, kwa uzito mdogo. Akauchomoa ule wa chini ya kichwa, nusu kidole kwa nusu kidole. Munir akagutuka, akakunja uso. Thuweba akashtuka. Mejumaa hakumwinua. Aliendelea kuguna na kumgongagonga taratibu kwa ncha za vidole mpaka uso ukakunjuka.

"Akigutuka usimnyakue. Ngoja. Mara nyingi hurudi mwenyewe." Akaanza kupunguza uzito wa kiganja, kidole kimoja, kisha cha pili, mpaka mkono ukawa hewani, juu yake tu, na mtoto amelala chali, mikono kando ya masikio. Akaupandisha ule upande wa fito. Komeo likaingia bila kusikika.

Kisha akamgeukia Bi Shekue, akaunyoosha mkono wake mwenyewe, mtupu. "Na wewe, Bibi, una bangili sita. Kila unapomtua, hulia sikioni mwake."

Bi Shekue akazitazama bangili zake.

Chumba cha pili Mejumaa alimpa Thuweba mto, akamfanyisha mara nne: kuinama nao, miguu, mgongo, kichwa, mkono huu, kisha ule. Mara ya kwanza Thuweba aliutupa mto kutoka juu. Mara ya nne aliutua vizuri, akabaki ameinama, mabega yakimtikisika. Mejumaa hakumbembeleza. Alimwambia, "Hivyo hivyo," akateremka ngazi.

Bi Shekue alimfuata. Alishuka polepole, ameshika ukuta, akamfikia chini, ndani ya mlango mkubwa wa kutokea. Nje barazani walikuwa wamekaa watu, na mmoja wao alikuwa yule mwanamke aliyecheka puani.

"Mejumaa," akanong'ona Bi Shekue. "Nimekukosea."

Alilisema karibu na sikio, sauti ile ile ya ghorofani.

"Huku chini mtoto hatusikii, Bibi," akasema Mejumaa. "Liseme kwa sauti. Yule pale alikuwapo."

Bi Shekue alitazama mlango. Alitazama migongo ya watu waliokaa. Mkono wake ulishika kitasa, na Mejumaa, ambaye alikuwa ameapa hataki kitu chochote kutoka nyumba ile, akajikuta anataka neno lile moja kuliko alivyotaka kitu kingine mwaka ule. Akasubiri.

"Utakuja kesho?" akauliza Bi Shekue.

Mejumaa akaufungua mlango mwenyewe, akapita katikati ya watu wa barazani bila salamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya maishani mwake.

Alikaa miezi miwili bila kazi. Habari ya kichupa ilikwisha fika nyumba nyingi, na ya daktari haikufika. Alibisha milango ya Mji wa Kale akajibiwa kwamba wamepata mtu. Baadaye, kwa maneno ya Daktari Kasyoka, alichukuliwa na mama mmoja aitwaye Nasipwondi, mke wa karani wa reli, huko Makupa, aliyekuwa na pacha. Siku ya kwanza Mejumaa aliumwaga mkoba wake mezani mwenyewe, kitu kimoja kimoja, Nasipwondi akimwangalia asielewe.

"Tazama yote," akamwambia. "Kisha usiuguse tena."

Thuweba alijifunza. Jirani wa Kibokoni alimwambia Mejumaa kwamba mtoto siku hizi hulazwa na mama yake. Jirani huyo huyo alimweleza pia kwamba Bi Shekue husimulia kisa kile akiwa na wageni, kwa kucheka, jinsi walivyompeleka mtoto kwa daktari kwa sababu ya mafuta ya nazi. Mkoba haumo katika kisa chake.

Mejumaa aliyasikia hayo akiwa na pacha mmoja kifuani, bado usingizi haujamkolea. Alihisi damu ikimpanda. Akavuta pumzi, akaitoa, akangoja mikono ya mtoto ilegee.